Picha ya Mama kwenye Site ya Visima

Muji wa Baraka, Jumapili, siku ya Mungu

Yaya Eloge, mukubwa wangu,

Huku tuko muzuri, na samaki ya ndagala imerudi sokoni.

Jana asosiasio yetu ya maji ilizindua site yake ya internet, na hotuba ilikuwa yangu. Unajua protokole ya kwetu. Nilisalimia bachefu, bapasta na wakubwa wote mpaka mafuta ya groupe, ile jenereta yetu, ikaisha, projekta ikazimika, na site ikapotea ukutani kabla sijaionyesha.

Nikasema, "Basi, tuifungue kwa simu zetu."

Nikashukuru bavolontaire, bale banaojitolea bila mushahara: Chérie aliyepiga picha, Igiraneza aliyetafsiri kila ukurasa kwa Kirundi. Bafadhili nikawaomba waguse ramani, waone kila kisima kwa ukurasa wake, na chini kabisa mahali pa kuchangia. Simu zikapita mkono kwa mkono.

Mufanyabiashara mumoja akauliza, "Hapa kwa kisima cha Nundu mumeandika pampu imekufa. Hamuone haya?"

"Ni kweli imekufa, na hatuifichi," nikamujibu.

Akachangia palepale.

Mama alijiona kwenye ukurasa ule wa Nundu, ameshika ndoo. Tangu uondoke bila kuaga, hajataja jina yako. Jana akaniuliza polepole, "Hii kitu, Eloge anaweza kuifungua kule yeye iko?"

Nikasema ndiyo.

Leo amevaa kikwembe chake cha Noeli na kumuita Chérie. Anataka picha ile ibadilishwe.

Itafute, yaya. Chini yake kuna mahali pa kutuandikia.

Mudogo yako,
Émilienne