Video ya Kumngoja Bibi Aitikie

Bibi, kwa heshima zote natangaza mbele yako, mbele ya Mama Mdogo aliyeshika simu, na mbele ya kuku yeyote atakayepita hapo uani: mjukuu wako, mwanafunzi wa miaka arobaini na sita mwenye upara, jana amepika maharage yakaiva. Hayakuungua. Sufuria ni nzima.

Ona sasa, nimetanguliza maharage, salamu nimeiacha mlangoni. Narudi nyuma. Tumsifu Yesu Kristo, Bibi.

...

Nimenyamaza ili uitikie. Nahesabu kimoyomoyo hadi sita, kwa kuwa najua huna haraka. Shikamoo.

...

Ahsante. Goti linasemaje? Mvua zimeshuka? Lile shamba la mteremkoni umelima mwenyewe, au hatimaye umekubali kusaidiwa?

...

Mimi mzima wa mwili. Nimeegemeza simu kwenye mfuko wa unga, nimeilaza ubavu ili nienee na meza yangu. Nimelielekea dirisha, maana ile video ya kwanza kabisa nililigeuzia mgongo, ukaona kivuli cheusi kinaongea, ukamuuliza Mama Mdogo kama nimeshakufa. Barua hii nimeigawa vipande vitatu vya dakika mbilimbili. Kikiwa kirefu, simu ya Mama Mdogo inakigomea, hata akishuka na mboga sokoni Morogoro kwenye mtandao mzuri. Najua ukishamaliza kutazama atakurekodi jibu lako, nalo litangoja safari yake nyingine ya sokoni. Kwa hiyo nikikuuliza leo, nitajibiwa wiki ijayo. Nami nangoja, sina pa kwenda.

Ila safari mbili sasa Mama Mdogo ameshuka na simu haina neno lako hata moja. Nikamwuliza kulikoni. Akanitumia sauti, anacheka huku ananisuta:

"Wewe nawe! Ulisema shikamoo, mama akaitikia vizuri tu, 'Marahaba, mume wangu, umeamkaje?' Wewe umeshafika kwenye habari za baridi ya huko. Akarudia, 'Nimesema umeamkaje?' Wewe umeshafika chuoni! Akajifunga kanga, akachukua jembe. Akasema, 'Mwache ahutubie. Mimi si mkutano.'"

Nilicheka, Bibi. Halafu nikaacha kucheka. Tangu nikiwa mdogo hapo kwako, hujawahi kumruhusu mtu apite njiani na salamu nusu. Hata mwenye mzigo wa ndizi kichwani ulimsimamisha mpaka amalize. Mimi nimekupita hivyo hivyo, tena nikiwa nimekaa kitako.

Na kunyamaza kwako kumenipata, nisifiche. Huku Ufini watu ni wema, lakini maneno wanayatunza kama mbegu. Jirani wa mlango wa pili nilimwamkia siku nne mfululizo. Ya tano nikamwona anapanda kwa ngazi, akiiacha lifti. Udongo wenyewe niliokuja kuusomea upo chini ya theluji, siujui hata rangi. Katika wiki nzima sauti iliyokuwa ikiniita mimi, kwa jina langu, ni yako tu kwenye simu ya Mama Mdogo. Naicheza nikiosha vyombo. Sasa nacheza ile ya zamani, ambamo unanigombeza kwa kunyoa ndevu vibaya. Naijua yote kwa moyo.

Nisalimie Mjomba, mpiga kengele wetu wa kigangoni. Mwambie huku kengele zinajipiga zenyewe, asije akastaafu kwa huzuni. Mama Mdogo, posta wetu, namshukuru kwa miguu yake. Na jirani yako mfuma vikapu, kile cha kwangu asimpe mtu.

Kipande hiki cha tatu kimebakiwa na nafasi kidogo, kwa hiyo niseme lililokuwa.

Nilimwambia Mama Mdogo kwamba sikuacha nafasi za kuitikia ili video ile iliyopita iwe nyepesi. Uongo. Nilirekodi na nafasi zake zote, kama ulivyonilea. Kabla ya kutuma nikaitazama. Nikajiona nimesema shikamoo, nimeinua uso, nangoja. Jokofu likanguruma. Nikauona uso wangu unaendelea kungoja, mtu mzima hivi. Sikuweza kuitazama mpaka mwisho. Nikachukua simu nikazikata nafasi zote, moja moja, hadi maneno yakabanana. Na wale wenzangu wa chuoni niliosema kwenye video ile kwamba wamekaa pembeni wanakusalimu, hawakuwapo, Bibi. Nilikuwa peke yangu, siku ya tatu sijaongea na mtu.

Ni mimi mumeo, Kosmasi.