Barua ya Asante Niliyoiandika kwa Hasira

Ijumaa, Novemba 1996. Homa Bay.

Jua limewaka tangu asubuhi, upepo wa ziwani haukuja kabisa, na mimi nimefurahi kwa namna ambayo mtu anayeenda kanisani kila wiki hapaswi kufurahi. Shule zimefungwa leo. Akoth, binti yangu, amemaliza darasa la tatu. Na mimi nimelipiza kisasi kwa Mwalimu Ogada.

Nimemlipizia kwa barua ya asante ambayo jina lake halimo.

Nianze na Ogada mwenyewe, maana mwaka mzima amenikwama kooni kama mwiba wa samaki mbuta. Mwaka jana alimfundisha Akoth darasa la pili. Mtoto akiitwa haitiki, anachapwa. Imla ikisomwa anaandika maneno yasiyokuwepo, anapigishwa magoti mlangoni. Kila muhula ripoti ilirudi na neno moja tu: Hasikii. Siku ya kufunga shule aliniambia mbele ya wazazi wengine, akicheka, "Mama Akoth, hii mtoto yako haisikii. Kichwa ngumu tu. Labda umfundishe kushona kama wewe."

Wazazi wakacheka naye. Mimi ni fundi cherehani, nilijifunza kazi Migori sokoni kabla sijaolewa huku, na wengi waliocheka siku ile walikuwa wamevaa nguo nilizowashonea. Nilishika mkono wa mtoto tukaenda nyumbani. Sikulia. Nilijiwekea tu, kama mtu anayeweka akiba.

Januari Akoth akaingia darasa la tatu kwa Madam Perpetua. Madam naye alisoma ile ripoti, akakuta lile neno. Hasikii. Kwetu sote mtoto asiyesikia ni mtukutu, mkaidi, mtoto anayeambiwa na haambiliki. Hata kwa lugha yetu ya Dholuo ni vivyo hivyo, neno moja linabeba yote. Lakini Madam alilichukua lile neno jinsi lilivyo. Alijiuliza: na kama mtoto hasikii kweli?

Hiyo tu ndiyo tofauti ya watu hawa wawili. Mmoja aliliandika neno, mwingine akalisoma.

Hospitali ya misheni walimwangalia masikio. La kushoto limeharibika tangu alipougua surua, ule usaha uliokuwa ukitoka nikaambiwa ni meno yanaota. La kulia linasikia, ila mtu awe karibu na amtazame. Kwa hiyo mwaka ule mzima Ogada alikuwa akimchapa mtoto kwa sababu ya sikio.

Baba yake nilimtumia habari kisiwani Remba, anakonunua omena, dagaa wa ziwani. Akajibu kwamba nimshukuru sana huyo mwalimu. Hakusema lolote kuhusu yule mwingine. Wanaume husahau haraka. Mimi sisahau.

Katika shule yetu kuna desturi siku ya kufunga. Matokeo yakishasomwa, mwalimu mkuu husoma barua za wazazi mbele ya watu wote, na walimu wanakaa pale mbele kwenye viti, wanaonekana hadi soksi. Niliposhika kalamu wiki iliyopita nilijua Ogada atakaa wapi. Niliiandika barua ya Madam Perpetua huku nikimwona Ogada. Niliandika: Wewe una macho, wengine wana fimbo tu. Niliandika: Hukumwita mtoto wangu kichwa ngumu kama walimu fulani wanaojulikana hapa. Kila asante ilikuwa na kofi ndani yake. Niliisoma peke yangu dukani nikacheka mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa.

Nilikuwa sawa. Nilikuwa na raha kabisa.

Halafu Jumatano Madam akapita dukani kuchukua sketi yake. Akaniambia habari kwa upole, kama anayeleta habari za msiba. "Mama Akoth, nataka usikie kwangu kwanza. Mimi nabaki na darasa la tatu. Class four mwakani inachukuliwa na Mwalimu Ogada."

Akaondoka na sketi yake. Mguu wangu ulikaa kwenye kikanyagio cha cherehani na haukusogea.

Mtoto wangu anarudi kwa Ogada. Nikimwaibisha Ijumaa mbele ya watu, Januari ataingia darasani na lile kofi langu, na atamrudishia nani? Atarudi kulekule mlangoni kwenye magoti. Nilitaka kuichana barua. Nilitaka pia kuipeleka vilevile na liwe liwalo. Nakiri, kwa muda mfupi nilipenda kisasi changu kuliko amani ya mtoto.

Nikaitoa tena ile karatasi nikaanza kufumua. Nilitoa "wengine". Nikatoa "walimu fulani". Nikatoa fimbo. Kila nilipotoa kofi palibaki shimo, na shimo likataka kujazwa kitu. "Wewe si kama wengine" ikiondolewa, unabaki na swali: basi yeye alifanya nini hasa? Ikabidi nimwite Akoth anieleze mambo ya darasani, moja moja, na mengine sikuyajua kabisa. Nikaandika hayo tu. Nainakili hapa, maana barua yenyewe sina tena.

"Kwa Madam Perpetua. Mimi ni mama yake Akoth na nakushukuru. Shule ilipofunguliwa ulisimama nyuma yake ukamwita kwa sauti ya kawaida, hakugeuka. Ukaenda mbele yake ukamwita vilevile, akaitika. Ukaniita ukanieleza bila kunilaumu, na ukanisisitizia twende hospitali. Ulimkalisha mbele, upande wa ukuta wa kushoto, ili sikio lake la kulia lielekee kwako na kwa wenzake. Ukiandika ubaoni huongei. Unamaliza, unageuka, ndipo unasema, ili aone mdomo wako. Wakati wa imla husogei huku na huku, unasimama pale anapokuona. Hupigi kelele, unasema tu polepole. Humuulizi 'Umesikia?' kwa sababu yeye hujibu ndiyo kwa kila kitu. Unamuuliza 'Nimesema nini?' Ulimfundisha mwenzake wa dawati amwonyeshe ukurasa kwa kidole, na wenzake hawamcheki, kwa sababu ulifanya jambo hilo liwe la kawaida. Mwezi wa saba alirudi nyumbani akanisimulia hadithi uliyowasomea, yote, mwanzo hadi mwisho, na mboga ikaungua mimi nikimsikiliza. Alikuwa hajawahi kunisimulia kitu chochote kutoka shuleni. Tulikula ugali na mboga ya kuungua na ilikuwa tamu. Asante, erokamano, Madam. Mungu akuweke."

Nilipomaliza nikagundua kitu ambacho kilinifanya nitabasamu vibaya. Barua sasa ilikuwa safi, hata padri angeibariki. Lakini kila alichofanya Madam kilikuwa hapo, wazi, na mtu yeyote aliyefanya kinyume angejijua mwenyewe.

Leo mwalimu mkuu aliisoma. Alianza harakaharaka, kama barua nyingine, halafu alipofika pale kwenye habari za ubao akapunguza mwendo. Madam Perpetua alitoa leso. Mimi sikumtazama Madam, Mungu anisamehe. Nilimtazama Ogada. Alikuwa akiangalia viatu vyake. Pale kwenye "Nimesema nini?" shingo yake ilisogea kidogo, kama kola inambana. Tena kola hiyo nimeishona mimi na haibani.

Mwalimu mkuu akakunja barua akasema, "Mwalimu Ogada, huyu mtoto ni wako mwakani. Hii chukua, itakusaidia."

Madam Perpetua akainuka. Sijawahi kumwona akibishana na mkubwa wake. "Hapana, Mwalimu Mkuu. Hiyo ni yangu. Nimefundisha miaka yote hii, sijaandikiwa nyingine." Akaichukua akaitia kwenye mkoba.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akacheka, akamwambia Ogada basi anakili kutoka kwa mama mtoto.

Ndiyo sababu nasema Mungu yupo. Wazazi walipokuwa wanatawanyika, Ogada alinijia na kalamu na karatasi. "Mama Akoth, nisomee basi niandike." Nami barua ile nilikuwa nimeiandika mara nyingi hata nikaijua kwa moyo. Nikamwambia aketi kwenye kidawati cha watoto, pale nje ya darasa. Akaketi, magoti juu. Nikaenda nyuma yake. Nikaanza kumpa imla.

Nilisoma kwa sauti ndogo. Watoto walikuwa wakipiga kelele uwanja mzima. Nilimgeuzia mgongo, nikatembea kidogo, nikarudi.

"Pole, mama," akasema. "Rudia hapo. Sijasikia."

Sikurudia. Nikaendelea na sentensi iliyofuata.

"Mama, tafadhali. Sijasikia."

Kalamu yake ilikuwa hewani. Jasho lilikuwa limemtoka mgongoni, nikaliona kwenye shati. Mwaka mzima nilikuwa nimeliombea jambo hili bila kujua ninachoomba ni nini. Nikavuta pumzi ili niendelee.

Akoth alikuwa amesimama pembeni, upande ninakoonekana. Sikujua kwamba alikuwa ananisoma mdomo. Akapita mbele yangu, akaenda hadi kwa Ogada, akasimama mbele ya uso wake pale anapoonekana vizuri, na akasema polepole, kwa sauti ya Madam kabisa: "Ukiandika ubaoni, usiongee. Maliza kwanza, halafu geuka."

Ogada akaandika.

"Nimesema nini?" Akoth akamuuliza.

Hakuwa anamcheka. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kuuliza. Na mwalimu mtu mzima, mwenye kola yangu shingoni, akamrudishia yote neno kwa neno. Kisha akamwomba sentensi inayofuata, na mtoto akampa, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho, hata ile ya mboga kuungua. Mimi nilibaki nyuma yao sina kazi.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini alimsaidia. Ilibidi nisimame, nigeuke, anione. Akashangaa swali lenyewe. "Lakini hakuwa anakuona, mama."

Sasa ni jioni. Amelala na sare yake, amekataa kuivua. Bado ninayo ile hasira, sitajidanganya. Nimeitafuta nikaikuta palepale, nzima. Mtoto wangu ameshamalizana na Ogada, mimi bado. Januari nitampeleka mwenyewe hadi mlangoni, nitamtazama yule mtu usoni. Sijui nitamwambia nini. Na Akoth atakuwa amesimama hapo, akinitazama mdomo.