Mama Nestori, Tumemuaga Kapteni

Mama Nestori,

Kapteni Kibatari amefariki. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe, maana ungekasirika sana ukizipata hizi habari kwa Zuhura. Ameondoka sura ya kumi na tisa, asubuhi, akiwa amekaa kwenye kiti pale bandarini akisubiri ukungu uondoke ili atoe meli. Hakuzama. Hakupigwa radi. Baada ya dhoruba zote zile ulizotusomea mpaka tukashikilia viti, mzee wa watu kafa na kikombe cha chai mkononi.

Na hakumuoa Bi Tamasha. Pole. Najua uliapa kwamba yule mama wa dagaa ndiye atakayemtuliza.

Wewe ulituacha tukiwa sura ya kumi na nne. Tulikaa muda bila kukutana. Kisha Mwalimu Kasiani akapita dukani kwangu, akaniambia, yeye kama mwenyekiti wa chama chetu cha kusoma, kwamba kitabu hakijaisha na wewe hukuwa mtu wa kuacha kitabu katikati. Basi Jumamosi nikafunika cherehani kama zamani, nikapanga viti, nikachemsha mihogo. Watu wakaja. Tatizo likawa sauti. Tuna nakala mbili tu, na moja ilibaki kwako, hivyo lazima mmoja asome wengine tusikilize, na maneno ya Kapteni yalikuwa yako. Hakuna aliyetaka kuyagusa. Mwalimu akajitolea. Mama Nestori, alimsoma Kapteni kama anatangaza mnada wa ng'ombe.

Hivyo hivyo tukasogea, mpaka sura ya kumi na tisa. Mwalimu aliposoma kwamba kikombe kilianguka na Kapteni hakuinama kukiokota, Zuhura akamnyang'anya kitabu, akakifunga.

"Mimi na huyu mwandishi basi," akasema. "Kamuua mtu mzima bila sababu yoyote!"

"Watu wanakufa bila sababu, Zuhura," Mwalimu akamjibu.

Kila mmoja aliangalia mahali pengine, na hakuna aliyekuangalia wewe, kwa sababu kiti chako pale mlangoni kilikuwa wazi. Zuhura akaanza kulia, akajifunika na mtandio, akaondoka kwenda kwenye meza yake ya mitumba. Jumamosi iliyofuata tulikuja watatu. Mihogo ikabaki. Nikajua chama kinakufa mikononi mwangu.

Mwalimu ndiye aliyepata njia. Alisema, "Tatizo letu ni moja. Tuna marehemu na hatujamuaga. Tumuandalie Kapteni hotuba ya kuagwa, kama mtu." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema hotuba hiyo ataisema Mama Gloria, yaani mimi, na kila kitu ndani yake kitoke kitabuni, nisizushe hata kikohozi.

Niliandika ya kwanza haraka. Nikampelekea. Akaisoma kwa sauti: "Marehemu alikuwa mchapakazi, mpenda watu, mcheshi, mwenye upendo kwa wote." Akanitazama juu ya miwani. "Huyu ni diwani," akasema. "Kapteni wetu yuko wapi?"

Nikarudi nyumbani nimenuna. Lakini nilipokaa nikawaza siku ile tulipokuzika kijijini kwenu Litapunga. Unajua ni nani aliyesoma wasifu wako? Yule mpwa wa Baba Nestori anayekaa mjini, ambaye nadhani mlionana mara mbili. Akasoma ulizaliwa, ukabatizwa, ukasoma, ukaolewa, ukajaliwa watoto, ukaugua, ukafariki. Kila neno lilikuwa kweli, na wewe hukuwemo. Nilisimama nyuma na wenzangu wa chama, nikawa nasubiri asome mahali ulipo. Akakunja karatasi.

Nikachukua kitabu, nikaanza upya ukurasa wa kwanza. Safari hii sikutafuta sifa, maana sifa unaweza kumvalisha mtu yeyote, kama shati la mitumba. Nilitafuta vitu vidogo ambavyo ukivitaja tu, watu waseme, huyo ndiye. Vilikuwa vingi ajabu. Kapteni anawatukana mabaharia kuanzia alfajiri, lakini injini anaiomba radhi kabla ya kuiwasha. Anatia chumvi kwenye chai. Anaogopa vyura. Kila akisimulia dhoruba, wimbi linaongezeka urefu. Na lile jambo kubwa ambalo wewe uligundua kabla yetu sote: miaka yote ziwani, hajui kuogelea.

Nikajifunza mengine pia. Kwamba kosa la marehemu nalo linatajwa, ila linatajwa na mtu aliyempenda, na lisiwe zaidi ya moja. Kapteni hakumwandikia binti yake barua hata moja, na nisingelisema hilo ningekuwa namuaga mtu mwingine. Kwamba kicheko cha kwanza kije mapema, ili watu wajue wameruhusiwa. Kwamba kifo chenyewe kipewe sentensi moja tu na kisirudiwe, wote tulishakisikia. Kwamba hotuba haisemwi kwa marehemu, inasemwa kwa waliobaki, mpaka pale mwisho kabisa, ndipo unageuka na kumwambia yeye maneno machache. Kilichonishinda ni kujua wafiwa ni akina nani. Binti yake yuko kitabuni. Mabaharia wako kitabuni. Nikakaa nalo hilo huku nakata sketi za shule, mpaka nikaelewa kwamba wafiwa ni sisi.

Jumamosi ile wote walikuja. Zuhura alikuja amevaa nguo nyeusi, nusu kwa utani, nusu siyo. Mwalimu alivaa koti. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na barabara ya Shanwe ilikuwa tope tupu, hivyo nilishangaa nilipoona pikipiki inasimama nje na Baba Nestori anashuka, suruali imekunjwa mpaka magotini. Hakuwahi kukanyaga pale tangu msiba. Alikuwa ameshika ile nakala ya kitabu iliyobaki kwako, ameifunga kwenye mfuko wa sukari isilowe.

"Nimeleta mali ya chama," akasema. "Sikai."

Mwalimu akamwambia akae kidogo, kuna msiba.

"Wa nani tena?"

"Wa Kapteni Kibatari."

Baba Nestori akatuangalia mmoja mmoja. Akakaa. Alikaa kwenye kiti chako, kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi.

Nikasimama mbele ya cherehani, nikaanza hivi:

"Ndugu wafiwa. Tumekusanyika kumuaga mtu aliyevuka ziwa maisha yake yote huku akiliogopa, na ambaye kama meli ingezama, angekuwa wa kwanza kuita mama."

Zuhura akaangua kicheko, kisha akafunika mdomo. Nikaendelea. Nikasema alizaliwa ukurasa wa tatu, katika kibanda cha mvuvi, usiku ambao taa pekee ilikuwa kibatari, na hapo ndipo jina lilipotoka. Nikataja injini aliyoiomba radhi, na vyura. Nikasema, "Ameacha binti mmoja ambaye hakumwandikia, na hilo hatutalifunika leo. Lakini ukurasa ule alipofika bandari ya binti yake, alisimama nje ya nyumba amebeba mfuko wa machungwa, akashindwa kugonga mlango, akayaacha kizingitini. Hakujua kuandika maneno yake, akaandika kwa machungwa." Mwalimu akavua miwani akaanza kuipangusa, na haikuwa na vumbi.

Nikasema, "Asubuhi moja ya ukungu aliketi kusubiri, na ukungu ulipoondoka, yeye hakuwepo." Sentensi moja. Nikapita.

Halafu nikafika mahali nilipokuwa nimepanga kutumia maneno yake mwenyewe, yale anayowaambia mabaharia kila safari inapoanza. Nikafungua mdomo. Nikasikia sauti yako ikija kichwani, na yangu ikagoma. Sikuweza, Mama Nestori. Yale hayakuwa maneno ya Kapteni tena.

Ndipo kutoka mlangoni ikaja sauti nzito, imejaa lafudhi ya Kirundi chenu, inakokota maneno kama unavyoyakokota wewe:

"Vuteni nanga, nyie wavivu wa Mungu! Mnadhani ziwa litakuja kuwabeba mgongoni?"

Baba Nestori! Amekaa vile vile, mikono magotini, anaangalia sakafu. Sote tukageuka kumtazama. Yeye akainua kichwa, akasema, kama mtu anayejitetea, "Alikuwa anafanya mazoezi nyumbani. Tukipukuchua mahindi. Mimi nilikuwa mabaharia wote."

Mama Nestori, tulicheka mpaka fundi simu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Zuhura alishika tumbo. Mwalimu, kwenye koti lake, alilazimika kukaa. Na Baba Nestori naye akacheka, mara ya kwanza niliyomwona akicheka tangu uondoke, akicheka na machozi yakishuka bila kuyafuta, na akasema ulimlazimisha pia awe ukungu, na dhoruba, na mara moja Bi Tamasha.

Kicheko kilipotulia nilimalizia. Niligeukia kitabu mezani nikasema, "Kapteni, meli imeshafika. Asante kwa kutuvusha. Sisi tunabaki kupakua mizigo." Watu wakasema amina. Zuhura akafungua kitabu bila kuombwa, akasoma sura ya ishirini. Alipofika pale mabaharia wanapokumbuka maneno ya Kapteni, alimnyooshea Baba Nestori kitabu. Akakipokea. Anasoma taratibu, na kidole chini ya mstari, lakini sauti anayo.

Tumemaliza kitabu, basi. Sikuambii mwisho wote. Binti anakuja kuchukua kofia ya baba yake. Sasa tuna riwaya mpya, ya mama mpelelezi, na Baba Nestori anakuja kila Jumamosi akishauza maharage sokoni. Anakula mihogo kuliko ulivyotuonya.

Na nikuambie kilicholeta barua hii. Jumamosi iliyopita alibaki wenzake walipoondoka. Akasema wakimaliza mavuno wataweka msalaba wa saruji kaburini kwako, ukoo wote utakuwepo, na safari hii hataki karatasi ya mpwa. "Uje useme wewe," akaniambia. "Umseme kama mlivyomsema yule mzee wa meli."

Nimekubali. Nimeshaanza kuandika. Nakuahidi sitasema ulikuwa mchapakazi na mpenda watu. Nitasema ulivyocheka kanisani wakati padri ameteleza, na jinsi ulivyomfundisha Gloria wangu kusoma kwa kumbeba mgongoni huku ukimsomea mabango ya maduka njia nzima. Nami nitakuja Litapunga na chama chote, Zuhura ameshasema atakodi gari, tutasimama mbele safari hii, siyo nyuma.

Niliona vizuri kumuuliza Baba Nestori ruhusa ya jambo moja, maana kosa lazima liwepo. Nikamuuliza kama naweza kusema mbele ya ukoo kwamba ugali wako ulikuwa na madonge.

Akafikiri. Akasema, "Usiposema hilo, watu hawatajua unamzungumzia nani."

Lala salama, rafiki yangu. Nakuja.

Mama Gloria