Shairi Lililobana Kiunoni

Kwako Mchora Mabango wangu,

Sisi wazima, mimi na cherehani. Shairi lako nilimsomea shangazi, akacheka mpaka sindano ikamdondoka.

Unasema ua hunyauka, ujana ukienda haurudi, kwa hiyo nikufungulie mlango usiku huu. Hayo mawili ya kwanza nayakubali. La tatu limetokea wapi? Kama ujana wangu ni mfupi, si ndiyo sababu nichague mwenyewe pa kuutumia? Jumatatu nafungua chumba changu cha ushonaji.

Gauni zuri huachiwa akiba ya kitambaa ndani ya mshono, mwili ukinenepa lifumuliwe, lipanuliwe. Shairi lako halina akiba: nikiota mvi halinienei tena.

Lipanue, mpenzi. Kisha lete brashi, kibao changu cha mlangoni bado kitupu. Njoo mchana. Mlango utakuwa wazi.

Wako,
Fundi