Migomba ya Mama

Ngara, 3 Machi 2024

Mwanangu Clotilda,

Hapa tu wazima, nasikia baridi ya magoti tu. Biashara ya chai inaendeleaje huko Nyakanazi? Wajukuu wanakula?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Migomba inaugua. Jani linanyauka kama limemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Bwana shamba amesema ni mnyauko na hauna dawa. Kinachougua kikatwe, king'olewe na kufukiwa, na panga lipite motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Nimeshakata thelathini. Usingizi umenihama.

Baba yako,
Fideli

Nyakanazi, 9 Machi

Shikamoo baba,

Sisi wazima, watoto wanakula kupita kiasi. Barua nimeipata kwa kondakta.

Usijali baba! Migomba ni migomba tu. Nitakutafutia miche safi, mwakani shamba litakuwa zuri kuliko mwanzo. Usijali kabisa, lala usingizi. Malori yamejaa hapa, naandika huku nimesimama.

Binti yako,
Clotilda

Ngara, 14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi kusikia watoto wanakula.

Labda sikueleza vizuri. Ugonjwa umefika kwa mama yako, ile migomba minne tuliyopanda juu ya kaburi lake. Miwili imeshanyauka na bwana shamba anataka yote ing'olewe, maana ya majirani itaambukizwa. Mimi mwenyewe nilikuwa katekista, najua mama yako hayumo kwenye mgomba. Lakini nikishika panga mkono unakataa. Naogopa, Clotilda. Wewe unaonaje?

Baba yako,
Fideli

Nyakanazi, 20 Machi

Shikamoo baba,

Hakuna shida, kata tu. Mama ataelewa. Usijali, utazoea. Pasaka siwezi kuja, abiria ni wengi.

Clotilda

Ngara, 2 Aprili

Clotilda,

Marahaba. Barua imefika. Hakuna shida.

Baba

Nyakanazi, 7 Aprili

Shikamoo baba yangu,

Leo nimefunga kibanda na nimekaa chini kuandika.

Barua yako ya mwisho niliifurahia, jamani! Nikamwonyesha Nahimana, yule mama wa Kirundi anayeuza chapati jirani yangu: ona, mzee ametulia. Akaisoma, akaniuliza, “Huwa anakuandikia mistari mingapi?” Nikamwambia ukurasa mzima. Akasema, “Basi huyu hajatulia. Amekasirika. Mlango ameufunga.”

Nikabisha. Nilikuwa nakutia moyo, kosa langu liko wapi? Nahimana akaniambia alipofiwa na mtoto, watu walimwambia usijali, Mungu atakupa mwingine. Hakuna aliyemuuliza mtoto aliitwa nani. Aliacha kuwasimulia.

Mteja akinivunjia kikombe akaomba radhi, namwambia usijali, na moyo wake unatua. Nikiombwa chumvi nasema hakuna shida, na kweli shida haipo. Siku nzima nayasema maneno haya, baba, na wewe nikakujibu kama mteja wa chai. Uliniambia unaogopa, nikakuambia hakuna shida. Kumbe shida ipo na umeikalia peke yako. Tena wewe ni mzazi wangu! Mtoto gani anamwambia baba yake utazoea?

Na nikwambie ukweli wote. Niliposoma “mama yako” moyo ulishtuka, nikakimbilia kuandika harakaharaka nisije nikalia mbele ya wateja. Zile “usijali” nilikuwa najiambia mwenyewe.

Pole baba. Pole sana. Nisimulie hiyo migomba, ni ipi imenyauka, ipi bado. Usikate, nisubiri. Alhamisi nafika, tushike panga pamoja.

Binti yako anayekupenda,
Clotilda

Ngara, 10 Aprili

Mwanangu Clotilda,

Marahaba, marahaba mama.

Barua yako imefika leo Jumatano. Mimi nilikata jana. Jirani Matiasi alikuja kulalamika kwamba mgomba wake umeanza kunyauka, nikaona aibu. Nilikuwa peke yangu. Nilipitisha panga motoni mara nne na nikakata minne, halafu nikakaa pale pale mpaka mvua ikanikuta.

Nilikukasirikia, sitakuficha. Nilijiona mzee anayelialia kwa ajili ya ndizi. Lile “hakuna shida” langu lilikuwa la hasira, Nahimana amesoma sawa. Mwambie asante.

Miwili ya upande wa kichwa ndiyo iliyonyauka. Ile ya miguuni ilikuwa mizima, mmoja ulikuwa na mkungu. Huo ndio ulioniuma zaidi. Umeniuliza, basi nimekwambia.

Mashina bado yako ardhini, kung'oa sijaweza. Bwana shamba amenipa mpaka Jumamosi. Barua hii nampa kondakta leo hii ikuwahi. Njoo na buti, udongo umelowa.

Baba yako,
Fideli