Kishikio cha Kulia

Jumatatu, 3 Februari
Nimepata kazi! Fundi wa taa, ukumbi wa muziki. Kwaherini nguzo za umeme, kwaherini ngazi zinazoyumba.

Msimamizi wa ukumbi anaongea polepole, utadhani kuna mtoto amelala chumba cha pili. Alinipandisha hadi kibandani kwangu, juu kabisa, nyuma ya viti vya ghorofani. Meza, kiti, dirisha la kioo, vishikio viwili. Cha kushoto taa za jukwaa, cha kulia taa za ukumbi. Muziki ukianza nashusha cha kulia, ukiisha napandisha. Basi! Nikauliza, hakuna kingine? Hakuna, ila miezi mitatu ya majaribio kwanza.

Muziki wenyewe ni ule wa okestra, sijawahi kuusikia zaidi ya dakika moja redioni. Lakini taa ni taa.

Jumamosi, 8 Februari
Aibu! Ardhi ingepasuka ningeingia.

Watu walikuwa bado wanatafuta viti. Jukwaani vyombo vikaanza, kila kimoja na lake. Nikajua tayari — nikazima. Mama mmoja mnene akamkalia mtu asiyemjua mapajani. Kumbe wanamuziki walikuwa wanapasha vyombo moto tu! Hata baadaye, obo, ile filimbi nyembamba ya mti, ilipotoa sauti moja ndefu na wote wakaifuata, bado haikuwa muziki. Walikuwa wanalinganisha sauti.

Hilo lingesameheka. Kubwa lilikuja ilipoanza simfonia, ule muziki mrefu wa okestra nzima. Ikavuma, ikapanda, ikamalizika kwa kishindo, kimya. Nikawasha taa zote. Watu wakainuka, wengine wakafika mlangoni. Kiongozi wa okestra akageuka na kile kifimbo chake, akatazama juu kwenye kioo changu. Simfonia ina sehemu nne! Ile ilikuwa ya kwanza.

Msimamizi hakupaza sauti. Alisema tu, “Ikitokea tena mbele ya watu, tutaagana.” Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Februari
Nimemsimulia Mama. Kacheka mpaka kafuta machozi kwa kanga. “Sehemu nne? Huo ni muziki au nyumba ya kupanga?” Halafu akaacha kucheka, akasema nisithubutu kurudi kwenye nguzo. Kumbe siku zote nilipokuwa juu kule alikuwa halali vizuri. Hakuwahi kuniambia.

Sasa naogopa kweli kuipoteza kazi hii.

Jumanne, 11 Februari
Nimepata mwalimu. Mpiga besi, dada mfupi mwenye chombo kirefu kuliko yeye — wote wanamwita Dada Besi. Nilimkuta chumba cha chai, nikamwaga yote. Akasema hata yeye zamani alikuwa hajui kitu, hakuna aliyezaliwa na simfonia mkononi.

Kwa kawaida, anasema, ya kwanza ni ya haraka, ya pili polepole, ya tatu ya kuchezeka — unahesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu — ya nne haraka tena, ya kufungia. Katikati wanapumua kidogo tu, na wenye mazoea hawapigi makofi hapo.

Ila alisema nisihesabu tu, nisikilize. Sehemu ya kwanza ina nyimbo mbili zenye tabia tofauti. Zinajitambulisha, kisha zinavurugwa, zinakatwakatwa, zinahama huku na kule, halafu zinarudi nyumbani. Nikaitikia kwa adabu. Sikuamini.

Alhamisi, 13 Februari
Zinarudi!!

Dada Besi kaniazima spika za masikioni. Nilisikiliza simfonia jikoni, nikiosha vyombo. Wimbo wa kwanza una hasira kidogo, wa pili mpole. Kisha vurugu, sijui nani ni nani. Nikakata tamaa. Mara — yule wa kwanza huyo! Mzima, kwa nguvu zake zote! Nikapiga ukelele, sahani ikaniponyoka. Mama akaja mbio. Nikamwambia amerudi. “Nani?” Nikamvalisha spika.

Jumamosi, 15 Februari
Leo sonata. Hakuna okestra, ni fidla na piano tu, kama mtu na mkewe wanaoongea. Sehemu tatu. Niliwasha taa mwisho kabisa, sio kabla. Msimamizi akapita, akainua kidole gumba. Moyo kwatu.

Lakini nina swali. Dada Besi anasema ule mpangilio wa nyimbo mbili kuondoka na kurudi nao huitwa muundo wa sonata, hata ukiwa ndani ya simfonia. Jina moja, vitu viwili? Akanijibu, “Kwani wewe una kaka mmoja tu? Kuna wa tumbo moja na kuna wa mtaani, wote kaka.” Haya, nimeelewa.

Jumatano, 19 Februari
Mazoezi ya koncheto. Hii ni okestra nzima na mtu mmoja mbele — safari hii piano. Mara wanabishana, mara wanabembelezana. Sehemu tatu: haraka, polepole, haraka.

Karibu na mwisho wa ile ya kwanza okestra yote ikanyamaza. Kiongozi akashusha kifimbo. Mpiga piano peke yake anaendelea, vidole vinakimbia, kapotelea kwake. Nikasema masikini, wenzake wamemsusa! Nikawasha taa wapumzike. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata mpiga piano. Kumbe ndipo mahali pake pa kujionyesha, wenzake wanamsubiri. Akianza kutetemesha noti mbili za jirani, anawaambia: rudini. Nao wanarudi.

Mungu mkubwa, yalikuwa mazoezi.

Jumamosi, 22 Februari — mapumziko
Naandika kibandani. Mama yuko chini, safu ya sita! Msimamizi mwenyewe ndiye aliyempa tiketi. Kavaa gauni la harusi ya dada yangu.

Koncheto imepita salama. Sehemu ya pili na ya tatu zimeunganishwa bila kupumua. Ningekuwa wa kuhesabu nyakati za kimya ningebaki nasubiri kimya kingine mpaka kesho. Lakini nilisikia mwendo ukibadilika, nikajua hii ndiyo ya mwisho. Nikawasha makofi yalipolipuka. Nilijisikia fundi!

Sasa simfonia, na ndiyo ninayoiogopa. Wakati wa mazoezi yake nilikuwa darini nabadilisha balbu, sikuisikia. Dada Besi kanionya mlangoni: mtunzi huyu kageuza mambo. Ya tatu inaisha kwa kishindo, watu watadhani basi. Ya nne ndiyo ya polepole, na inazimika yenyewe. “Usiguse mpaka mikono ya kiongozi ishuke.”

Kengele. Nashusha.

Usiku huohuo, gizani
Ya tatu hiyo! Kishindo, matarumbeta, ngoma. Makofi! Mama naye, nusu kasimama. Mtu ananiashiria kutoka ghorofani, washa, washa. Sikuwasha. Kiongozi hakugeuka. Makofi yakafa, Mama akakaa.

Ya nne. Nzito, kama mtu anayeongea baada ya kulia. Hakuna mtu anayekohoa. Vyombo vinaaga kimoja kimoja. Sasa ni selo, zile fidla kubwa za kupigwa umekaa, na besi tu — namwona Dada Besi, upinde karibu hausogei kabisa.

Hausogei.

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye kishikio. Kimya. Mama kajishika kifuani. Kama imeisha na sijawasha, nimekosea. Kama haijaisha na nikiwasha, nguzo zinanisubiri. Na kusema kweli siwazi nguzo. Sitaki tu kuwa mimi wa kuikata.

Mikono ya kiongozi bado iko juu.