Moyo wa Injinia

Kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Pokea salamu za mama, za wifi yangu na za binti yake, ambaye kaniagiza nikuulize kama bado unakoroma. Sisi wazima wa mwili. Hali yako ndiyo inayoninyima raha. Barua yako imefika, nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena kwenye cherehani, na suruali ya watu nikaishona mguu ndani nje.

Unasema umeacha kucheza mpira, ngazi za kazini unapanda ukipumzika, na usiku unajishika kifua kusikiliza. Tulia kwanza. Nitafika huko, lakini acha nianze na huku.

Tangu tumzike ndugu yetu Injinia, watu hawajaacha kuuliza. Hawana ubaya. Mtu anaingia na pole yake, anakaa, anavuta pumzi, kisha anashusha sauti na kutaka kujua ilikuwaje hasa. Jirani yetu muuguzi mstaafu, yule tunayemwita Mama Vipimo, ndiye aliyenikamata wa kwanza, asubuhi ile ile, mlangoni. Nilikuwa sijui hata viatu nimevaa vya nani. Nikamwambia ni moyo. Neno lilinitoka tu, nami nikaona limefunga mjadala.

Halikufunga kitu. Mama Vipimo alitaka kujua kama alikuwa na presha, nikasema kidogo. Akauliza alikuwa anatumia dawa gani, nikababaika. Kumbe jirani mwingine alishaambiwa na shangazi kwamba ni ajali, basi wawili hao wakakutana dukani na kulinganisha. Kuanzia hapo maswali yakaongezeka, maana sasa palikuwa na kitu cha kuchimba.

Wifi, mjane wake, akatukusanya chumbani, akafunga mlango. Alisema hatutaki uongo, na si lazima tutoe ukweli wote. Akatupa maneno ya kusema, yale yale kwa kila mtu: amefariki ghafla, nyumbani, mengine tumeyaweka ndani ya familia, asante kwa kutujali. Mtu akirudia kuuliza, nasi turudie, bila kununa wala kuongeza. Akikisia, tusikatae wala kukubali, kwa sababu ukikataa ajali, ukakataa ugonjwa, siku utakayonyamaza atakuwa ameshapata jibu. Kisha tumpe kitu kingine cha kushika: atusimulie alivyomjua Injinia, au atusaidie kupanga viti. Bosi wa Injinia naye alipouliza awatangazie nini wafanyakazi, wifi alimpa maneno hayo hayo, akamwomba asiongeze lake.

Shangazi alinung'unika kwamba watu watatuona tunaringa. Wifi akamjibu kwamba bora waone tunaringa.

Na kweli, imefanya kazi. Juzi mteja mmoja alinibana akisubiri gauni lake. Nikamjibu mara mbili, kisha nikamuuliza kama anaikumbuka redio yake aliyoitengeneza Injinia ikawa inashika kituo kimoja tu. Alicheka mpaka akalia, nami nikalia naye, na gauni akalisahau mezani.

Lakini neno langu la kwanza lilikuwa bado linatembea. Mama Vipimo, kwa wema wake, alimshika mpwa wetu mkono akamhesabia mapigo, akamwambia mama yake ampeleke apimwe maana mambo ya moyo hufuata damu. Mtoto akaacha kuruka kamba. Alikuwa anakaa kibarazani mkono kifuani, kama wewe unavyofanya sasa. Wifi alipoona hivyo, alimchukua mtoto faragha na kumweleza kilichompata baba yake, kwa maneno ya umri wake. Alitoka macho yamevimba. Kesho yake aliitafuta kamba.

Baadaye wifi aliuliza nani alianza habari ya moyo. Nilimwambia ni mimi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimemwambia mtu mwingine.

Kaka, nilikuambia wewe. Ulipopiga simu, nyumba ilikuwa imejaa watu, Mama Vipimo kakaa karibu yangu, na swali lako la kwanza lilikuwa lile lile. Nikarudia nililokwisha kusema. Ulistahili jibu jingine, si lile la mlangoni. Nisamehe.

Nimemwomba wifi ruhusa, naye amesema ni haki yako kujua, ila si kwa karatasi, kwa sababu unakaa na watu wengi na barua huachwa mezani. Omba likizo uje. Tutakaa watatu, mlango umefungwa, tukueleze yote.

Mpaka hapo, wakikuuliza huko, maneno yetu unayo.

Mama anakusalimu tena, anasema ule vizuri. Nami nakuomba urudi uwanjani ucheze mpira wako. Moyo wa ndugu yetu ulikuwa mzima.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi